Si Kila Kichwa cha Upande Mmoja ni Kipandauso

Mtu akifika katika duka la dawa akasema kichwa kinamuuma upande mmoja, na hasa akigusa nyusi au pembe ya jicho anapoeleza, mara nyingi ataondoka akiwa ameambiwa kuwa ana kipandauso. Kwa wengi jina hilo huwa sahihi, maana kipandauso ni ugonjwa wa kawaida sana duniani. Lakini yapo maumivu mengine ya upande mmoja, yanayompata takriban mtu 1 katika kila watu 1,000, ambayo hulichoma jicho moja usiku baada ya usiku kwa wiki kadhaa, kisha hutoweka kwa miezi au miaka na kurudi tena. Madaktari wa mishipa ya fahamu huyaita maumivu ya kichwa ya klasta, kwa sababu mashambulizi yake huja yakiwa yamekusanyika katika msimu mmoja. Dawa nyingi zinazowafaa wenye kipandauso haziyagusi, na tiba yake bora ya kuyakatiza yakiwa yameanza ni kitu ambacho hakuna anayefikiria kumpa mtu anayelalamikia kichwa.

Mimi ni mfamasia, na mume wangu, ambaye hapa nitamwita Baba Salma kama ninavyomwita nyumbani, ana ugonjwa huu tangu alipokuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Ninaandika kwa sababu nimewaona watu wengine dirishani kwangu wakieleza usiku uleule ninaoujua, huku wakiwa na miwani mipya, pengo la jino lililong'olewa, na mfuko wa dawa za sinusi. Nimefikia kuamini kwamba ugonjwa huu hautambuliwi kwa ukali wa maumivu wala kwa upande yalipo, bali kwa saa ya ukutani na kwa namna mgonjwa anavyoutumia mwili wake wakati anaumwa. Vitu hivyo viwili haviwezi kuonekana kliniki saa nne asubuhi. Anayeviona ni yule anayekesha na mgonjwa.

Basi nieleze usiku mmoja kama ulivyo. Baba Salma hulala kama saa nne na nusu. Kabla kidogo ya saa saba usiku huamka ghafla, na dalili ya kwanza huwa tundu la pua la kulia limeziba na shingo upande huohuo imekaza. Katika dakika chache maumivu huwa yamefika kileleni. Yeye huyaeleza kuwa ni kama msumari wa moto unaosukumwa kutoka nyuma ya jicho ukitafuta kutokea mbele, na hajawahi kuyaeleza vinginevyo. Hawezi kulala chali wala kukaa kitini. Hutoka chumbani akaenda sebuleni, akarudi, akatoka barazani, akachuchumaa, akasimama, akalikandamiza jicho kwa kiganja, akauegemeza uso kwenye ukuta wa saruji kwa sababu una baridi. Nikimsemesha hujibu kwa ukali ambao si wake. Nikimmulika kwa tochi ya simu naona jicho la kulia limekuwa jekundu na linatiririka machozi, kope la juu limeteremka na kuvimba kidogo, na mboni yake imekuwa ndogo kuliko ya jicho la kushoto ingawa mwanga ni uleule. Paji la uso huwa na jasho upande wa kulia, na kushoto ni kukavu. Baada ya dakika hamsini hivi, maumivu huondoka haraka kama yalivyokuja, naye huomba maji, hukaa kidogo akiwa amechoka kabisa, kisha hulala. Asubuhi anakwenda kazini kama mtu mzima wa afya, na kope tu ndilo huwa bado zito kidogo.

Sasa mlinganishe na dada yangu, ambaye ana kipandauso cha kweli. Maumivu yake huanza taratibu, mara nyingi mchana, yakigonga kwa mapigo kama ya moyo. Hufunga mapazia, hulala kimya, na hataki hata kugeuza shingo, kwa sababu kupanda ngazi tatu tu huyazidisha. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa humtapisha, sauti ya sufuria humkera, na hali hiyo humchukua mchana kutwa na pengine hadi kesho yake. Mara moja huwa kushoto, mara nyingine kulia, na zipo siku kichwa kizima humuuma. Kabla ya maumivu huwa anaona vimulimuli vya pembepembe vikitambaa mbele ya macho kwa muda usiofika saa nzima, jambo linalowapata baadhi ya wenye kipandauso.

Vigezo vya kimataifa vinavyotumiwa na madaktari vimeuweka mpaka palepale. Shambulio la kipandauso kwa mtu mzima, lisipotibiwa, huchukua kati ya saa 4 na saa 72. Shambulio la klasta huchukua kati ya dakika 15 na dakika 180, na katika msimu wake linaweza kumjia mtu mara 1 kila siku ya pili hadi mara 8 kwa siku. Kwa hiyo mtu anayesema "kichwa kilinishika saa saba usiku na saa nane kikaniachia kabisa, na jana ilikuwa hivyohivyo" ameshasema jambo zito kuliko yeyote anayesema tu kwamba maumivu yalikuwa makali mno. Pamoja na muda huo, vigezo vinataka maumivu yawe ndani au juu ya jicho au kwenye panja upande mmoja, na yaambatane na dalili za upande huohuo nilizozitaja, yaani jicho jekundu, machozi, pua kuziba au kutiririka, kope kuvimba au kuteremka, mboni kusinyaa na jasho usoni, au mgonjwa awe hatulii, au vyote pamoja. Yanatakiwa mashambulizi yasiyopungua 5 ya namna hiyo ndipo jina litolewe.

Niseme wazi kwamba dalili moja moja hudanganya. Wapo wenye kipandauso ambao jicho huwatoka machozi na pua huziba, na ndiyo maana nao huishia kutibiwa sinusi. Wapo wenye klasta wanaochukizwa na mwanga, au wanaopata kichefuchefu. Hata jinsia si kipimo cha kutegemewa: kipandauso huwapata wanawake karibu mara 3 zaidi ya wanaume, na klasta huwapata wanaume zaidi, lakini mwanamke mwenye klasta yupo, na hatari yake ni kwamba kila anayemsikiliza huwa ameshaamua kabla hajamaliza kueleza. Ukiniuliza mimi, ningeweka uzito kwanza kwenye muda, pili kwenye kutotulia, na jicho lije la tatu.

Kwa nini saa zilezile? Katikati ya ubongo, kwa chini, ipo sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo pamoja na kazi nyingine hupanga saa ya mwili, yaani lini usingizi uje na lini homoni fulani zimwagwe. Mwaka 1998 watafiti wa London, akiwemo Arne May na Peter Goadsby, walichapisha picha za ubongo za wagonjwa wakiwa ndani ya shambulio, na zikaonyesha sehemu hiyo ikifanya kazi kupita kawaida upande wa maumivu. Hilo lilisaidia kueleza kwa nini mashambulizi hufuata saa na kwa nini misimu ya wagonjwa wengi hurudi miezi ileile ya mwaka. Maumivu yenyewe hupita katika mshipa wa fahamu wa uso, ule wa tano, hasa tawi lake la kwanza linalohudumia jicho na paji la uso. Mshipa huo ukichokozwa, shina la ubongo hujibu kwa kuamsha mishipa inayotoa machozi na kuijaza pua damu, na ndiyo sababu jicho hulia na pua huziba bila mafua. Kope kuteremka na mboni kusinyaa hutokana na kudhoofika kwa mishipa mingine myembamba inayopanda kuelekea jichoni ikiwa imeizunguka ateri kubwa ya shingo. Hakuna usaha, hakuna jino bovu, na jicho lenyewe halina kasoro.

Ugonjwa unaokuja usiku wa manane, kwa saa, kwa mtu aliyekuwa mzima, na ukamfanya atembeetembee huku akigonga kichwa ukutani, hauwezi kukosa maelezo mengine katika mji wa pwani kama wetu. Ndugu wa mume wangu walisema ni jini, na sikuwalaumu, kwa sababu walichokieleza kilikuwa kweli kila kipengele: saa ileile, upande uleule, hasira zisizo zake. Walimsomea, wakafukiza, na baada ya muda akapona.

Hapo ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote, na mimi kama muuza dawa nimeufikiria sana, kwa sababu unatunasa sisi wa dawa za kisasa kama unavyowanasa waganga. Msimu wa klasta kwa wengi huchukua wiki kadhaa hadi miezi michache, halafu huisha wenyewe. Mgonjwa hazunguki kwa watabibu siku ya kwanza. Huanza kuzunguka wiki ya tatu au ya nne, na yule aliyemfikia mwisho ndiye anayekuta msimu unafungwa. Kwa Baba Salma, mwaka mmoja sifa zilikwenda kwa daktari wa meno aliyeng'oa gego la juu la kulia. Msimu uliofuata zilikwenda kwa dozi ya pili ya antibaotiki ya sinusi. Mwingine zikaenda kwenye miwani. Kila mara tulikuwa na ushahidi machoni petu kwamba tiba imefaulu, na kila mara ugonjwa ulirudi mwaka uliofuata kana kwamba haukusikia.

Mtego huo huo umo ndani ya usiku mmoja. Mtu ameamka na maumivu, amehangaika dakika kumi, amemeza panadol mbili au vidonge vya diklofenak. Kidonge kinahitaji kuyeyuka tumboni, kupita utumbo na kuingia katika damu, na kwa kawaida hakijafanya kazi ya maana kabla ya nusu saa au zaidi. Dakika ya hamsini maumivu yanaisha, kama yalivyoisha jana ambapo hakumeza kitu. Naye atakuja dukani kwangu kesho na kusema, "Dada, ile dawa inanisaidia, ila inachelewa kidogo, niongezee nguvu." Wapo waliofika vidonge vingi kwa siku kwa njia hiyo, wakaumiza tumbo na figo bila shambulio hata moja kufupishwa.

Daktari aliyeupa ugonjwa huu jina lake alikuwa mzee mtaratibu wa hospitali ya rufaa, na alifanya jambo ambalo wengine hawakulifanya. Baba Salma alipoanza kueleza maumivu, alimsikiliza, kisha akageukia kwangu.

"Mama, wewe ndiye unayekesha naye. Yakimshika, hulala au huinuka?"

"Hatulii, daktari. Hutembea nyumba nzima."

"Na tangu yaanze mpaka yamwachie, ni muda gani?"

Nilimpa daftari. Nilikuwa nimeandika saa ya kuanza, saa ya kuisha, jicho lilivyo, na alichokunywa jioni. Alilipitia ukurasa kwa ukurasa bila haraka, akaweka kidole kwenye safu ya saa za kuanza, ambazo karibu zote zilikuwa kati ya saa saba kasoro robo na saa saba na nusu. Palikuwa na chache za mchana, akauliza kuhusu hizo, na nikamwambia ni siku za mapumziko alipolala kidogo baada ya chakula. Akaniuliza kuhusu pombe. Hapo Baba Salma mwenyewe alijibu kwamba katika wiki zile glasi moja ya bia humletea maumivu kabla saa haijaisha, lakini akiwa nje ya msimu hunywa na hakuna kinachomtokea. Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza. Jibu hilo ni la klasta hasa. Mwenye kipandauso anayechokozwa na pombe kwa kawaida huchokozwa mwaka mzima, na mara nyingi baada ya saa nyingi zaidi.

Kisha akauliza swali jingine, kwa sauti ileile ya kawaida. "Mzee, katika usiku huo umewahi kufikiria bora ufe?" Mume wangu alikaa kimya kidogo, akasema ndiyo. Sikuwa nalijua hilo. Wanaougua maradhi haya huyahesabu miongoni mwa maumivu makali kuliko yote waliyowahi kuyapata, na mawazo ya kujiua ndani ya shambulio yanajulikana vyema na madaktari wake. Kuulizwa waziwazi hakukumtia wazo hilo kichwani, bali kulimpa mahali pa kuliweka. Anayekesha na mgonjwa wa namna hii na aulize, na akisikia ndiyo, siku hiyohiyo amfikishe kwa daktari na asimwache peke yake usiku.

Aliagizwa picha ya MRI, ambayo hufanywa angalau mara moja kwa mgonjwa mpya kwa sababu uvimbe karibu na tezi ya pituitari, au kasoro ya ateri ya shingo, unaweza kuigiza klasta. Yake ilikuwa safi. Yapo pia maumivu jirani ambayo daktari huyatenganisha kwa saa ileile ya ukutani: yakiwa ya sekunde chache kama shoti ya umeme, na yakaamshwa na kupiga mswaki au kunawa uso, huelekea kuwa ni neva ya uso iliyochokozwa, yakiwa ya dakika 2 hadi 30 na yakaja zaidi ya mara 5 kwa siku, kuna ugonjwa wa aina yake unaokubali dawa iitwayo indomethasini vizuri sana hivi kwamba dawa hiyo ndiyo kipimo chake. Na jicho jekundu lenye maumivu makali ambalo limepoteza uoni, linaloona duara za rangi kuzunguka taa, na ambalo halitulii baada ya saa kadhaa, si la kusubiri kesho. Hiyo inaweza kuwa presha ya jicho iliyopanda ghafla, na hupofusha.

Tiba ya kulikatiza shambulio ni oksijeni. Si hewa safi ya barazani, ni oksijeni ya mtungi, asilimia 100, lita 12 hadi 15 kwa dakika, kupitia barakoa ya uso yenye mfuko wa akiba na vali zinazozuia mgonjwa asivute tena hewa aliyoitoa. Mgonjwa hukaa, huinama mbele, huvuta kwa dakika 15 hadi 20. Mwaka 2009 jarida la JAMA lilichapisha jaribio la Uingereza ambamo wagonjwa walivuta oksijeni lita 12 kwa dakika katika mashambulizi fulani na hewa ya kawaida katika mengine, bila kujua ipi ni ipi. Baada ya dakika 15, asilimia 78 ya mashambulizi ya oksijeni yalikuwa yametulia au kukaribia kutulia kabisa, dhidi ya asilimia 20 ya yale ya hewa.

Kwetu ugumu ulikuwa katika kuipata kwa namna inayofaa. Mara ya kwanza nilimpeleka katika kituo cha afya usiku, na nesi wa zamu, mtu mwenye huruma, alimwekea kifaa cha kidoleni, kikasoma 98, akaniambia, "Dada, oksijeni yake iko sawa, hana shida ya hewa." Kwa kanuni aliyofundishwa alikuwa sahihi. Oksijeni katika klasta haitolewi kwa sababu mwili umepungukiwa. Hutolewa kama dawa, kwa sababu kiwango kikubwa hutuliza njia ile inayounganisha mshipa wa uso na mishipa ya jicho na pua, na kuikaza mishipa ya damu. Nilipombembeleza akamwekea mipira miwili ya puani kwa lita 3. Haikufanya kitu, na isingeweza kufanya, kwa kuwa kwa mipira hiyo mtu huvuta hewa ya chumba zaidi kuliko oksijeni. Mashine za nyumbani zinazochuja oksijeni kutoka hewani nazo nyingi huishia lita 5 kwa dakika, kwa hiyo asiyejua anaweza kutumia fedha nyingi akapata kitu kisichofika.

Tulichofanya hatimaye ni kupata barua ya daktari iliyotaja kiasi, aina ya barakoa na muda, na kukodi mtungi pamoja na kichwa chake cha kupimia kinachofika lita 15. Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kufanywa kabla ya kulipa. Lita 12 kwa dakika kwa dakika 15 ni lita 180 kwa shambulio moja. Mtungi wa lita 1,360 ukiujaza utakutosha mashambulizi 7, na ya nane utaishiwa katikati. Kwa mtu wa shambulio moja kila usiku hiyo ni wiki moja. Kila mtungi una ujazo wake ulioandikwa, na asiyeuliza hujikuta na chuma kitupu saa saba usiku. Mtungi ufungwe wima ukutani, mafuta na grisi visiguse vali yake, na pasiwe na sigara wala jiko la mkaa chumbani. La sigara nalitaja kwa sababu wagonjwa wengi wa klasta ni wavutaji, na mtu aliyeshikwa na maumivu hayo anaweza kuwasha bila kufikiri. Na mwenye ugonjwa sugu wa mapafu asianze oksijeni nyingi bila daktari wake kujua.

Dawa ya pili ya kukatiza ni sumatriptani ya sindano chini ya ngozi, miligramu 6, ambayo kwa wengi huanza kuonyesha kazi ndani ya dakika 15. Vidonge vya sumatriptani, ambavyo ndivyo vinavyopatikana kirahisi zaidi na vinavyowasaidia wenye kipandauso kama dada yangu, huchelewa kwa sababu ileile niliyoieleza kuhusu panadol. Mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi haruhusiwi dawa hii kwa namna yoyote.

Kukatiza shambulio moja moja hakutoshi iwapo kesho litakuja jingine, kwa hiyo daktari alianzisha pia kinga, na hapa ndipo nilipoona kwa macho yangu hatari ya jina lisilo sahihi. Kwa kuwa aliwahi kuambiwa ana kipandauso, Baba Salma alikuwa akimeza propranololi kila siku. Ni dawa nzuri ya kukinga kipandauso, lakini kwa klasta haina msaada unaojulikana. Dawa kuu ya kukinga klasta ni verapamili, ambayo asili yake ni ya moyo na presha, na zote mbili hupunguza mwendo wa moyo. Zikichanganywa, umeme wa moyo unaweza kuzuiliwa njiani na mapigo yakashuka kwa kiwango cha hatari. Daktari aliipunguza propranololi taratibu mpaka ikaisha, kwa kuwa nayo haikatwi ghafla, akapima umeme wa moyo kwa ECG, ndipo akaanza verapamili miligramu 80 mara 3 kwa siku. Kila alipoongeza dozi alirudia ECG, hata kama mgonjwa alisema hajisikii vibaya, kwa sababu kucheleweshwa kwa umeme wa moyo huonekana kwenye karatasi kabla mtu hajakuhisi. Madhara aliyoyahisi yalikuwa kufunga choo na miguu kuvimba kidogo jioni. Pia aliambiwa aache balungi, kwa kuwa maji yake huongeza kiwango cha dawa hiyo katika damu.

Verapamili huchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili, kabla ya kushika, na pengo hilo huzibwa kwa prednisoloni ya muda mfupi. Katika utaratibu mmoja uliojaribiwa Ujerumani, wagonjwa walianza na prednisoni miligramu 100 kwa siku 5, kisha ikapunguzwa miligramu 20 kila baada ya siku 3, ikaisha ndani ya siku 17. Dozi kubwa kiasi hicho haifai kuanzishwa kwa kuagiza dukani. Hupandisha sukari, huchokoza vidonda vya tumbo, na inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, kwa hiyo daktari aliuliza hayo yote kwanza. Nimewahi kukataa kuiuza kwa mtu aliyesikia habari zake kwa rafiki, akaondoka akinilaani. Na kwa kuwa maumivu huisha haraka ukiwa unaitumia, wapo wanaoirudia kila msimu unapochachamaa, mpaka mifupa na sukari vikaharibika. Daktari wetu aliweka kikomo tangu mwanzo.

Usiku wa tatu wa prednisoloni shambulio lilikuja likiwa dogo. Kisha zikapita siku bila kitu, likarudi moja dozi ilipokuwa inamalizikia, na mtungi ukalizima katika dakika kumi na mbili. Baada ya hapo verapamili ilikuwa imeshika.

Haikuponya ugonjwa, na hakuna dawa iliyopo inayouponya. Inaweka mashambulizi pembeni mpaka msimu upite. Baada ya kukaa muda bila shambulio lolote, daktari aliipunguza hatua kwa hatua mpaka ikaisha, kwa maelezo kwamba hakuna faida ya kuinywa katika miezi ambayo haipo kazi ya kufanya. Kwa Baba Salma msimu hurudi karibu na wakati uleule wa mwaka, na hutanguliwa kwa siku chache na uzito nyuma ya jicho na pua ya kulia kuziba bila mafua. Mpango uliopo sasa ni kwamba dalili hiyo ikionekana, hasubiri wiki ya nne. Anakwenda kufanyiwa ECG, anaanza verapamili, anaacha bia na usingizi wa mchana, na mimi napiga simu ya mtungi.